Watu 12, ankara moja: kabla hamjaigusa fomu ya kongamano

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa parachichi hapa Rungwe. Tunataka kupeleka watu 12 kwenye kongamano la biashara ya matunda Dar es Salaam. Ada ni 200,000 kwa mtu, ukilipa kabla ya tarehe 30 ni 170,000, na VAT haimo. Fomu ya mtandaoni inamtaka kila mtu ajaze mwenyewe na kulipa kwa simu. Kamati yetu inakaa tarehe 4 mwezi unaofuata, na majina matatu bado hatujayapata. Nimwandikie nini mwandaaji kuhusu punguzo na ankara, na nianzie wapi?"*

Marahaba, Katibu. Hiyo fomu msiiguse kwanza, hata kama mwenyekiti anasema nafasi zitaisha.

Fomu za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayelipa mfukoni mwake. Mtu wa kwanza akijaza na kulipa kwa simu yake, mfumo unamtolea risiti kwa jina lake, kwa bei iliyoko kwenye ukurasa siku hiyo, na hesabu ya kundi inakufa hapohapo. Niliwahi kuitwa Iringa kunyoosha vitabu vya chama kimoja kilichopeleka watu 9 kwenye mkutano kwa njia hiyo. Kila mjumbe alilipa kwa simu, chama kikamrudishia taslimu. Mkaguzi alipofika alikuta karatasi tisa zenye majina ya watu, hakuna hata moja yenye jina la chama. Akaziita "malipo yasiyo na viambatisho", na katibu wao akakaa miezi akieleza kwenye vikao fedha ambayo kila mtu alijua imekwenda wapi. Kama ninyi ni AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, mnaokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, mnaelewa ninachosema.

Kwa hiyo anzieni kwa mwandaaji mwenyewe. Mpigie simu ofisini, kwa namba iliyoko kwenye kipeperushi chao rasmi, uombe kuongea na anayeshughulikia usajili wa makundi. Mwambie uko Tukuyu, una watu 12, unaomba barua pepe ya kutuma maombi ya bei ya kundi na profoma, yaani ankara ya awali. Simu ni ya kujua jina na anwani tu. Bei isikubaliwe kwenye simu wala kwenye ujumbe wa wasapu wa saa tatu usiku, kwa sababu anayekubali kwenye simu mara nyingi siye anayetoa ankara.

Sasa punguzo, ambalo ndilo wengi hulikosea kwa kuwa hawapigi hesabu kabla ya kuomba.

Bei ya mapema, 170,000, ni punguzo la asilimia 15. Punguzo la kundi ninaloliona zaidi kwa watu kumi na kuendelea ni asilimia 10 ya bei ya kawaida, na waandaaji wengi hawaruhusu kuyaunganisha mawili hayo. Weka namba mezani. Watu 12 kwa bei ya kawaida ni 2,400,000. Kwa asilimia 10 ya kundi ni 2,160,000. Kwa bei ya mapema bila punguzo lolote la kundi ni 2,040,000. Maana yake ni kwamba kabla ya tarehe 30, punguzo la kundi peke yake halina maana kwenu. Ukimwandikia "tunaomba punguzo la kundi" na yeye akakujibu "sawa, asilimia 10", utakuwa umeomba kuongezewa bei, na utamshukuru.

Kinachowauma si ukubwa wa punguzo, ni tarehe. Kamati inakaa tarehe 4, dirisha linafungwa tarehe 30. Hapo katikati kuna siku chache tu, na hizo siku ndizo za kujadiliana. Ombi lenu la kwanza liwe washikilie bei ya mapema mpaka, tuseme, tarehe 8, kwa msingi kwamba profoma imetolewa kabla ya tarehe 30. Hili si jambo geni kwao. Taasisi kubwa hazilipi siku ileile hata siku moja. Zinatuma hati ya kuagiza, mwandaaji anahesabu bei kwa tarehe ya hati, fedha inafuata. Ninyi hamna hati za aina hiyo, lakini barua ya chama yenye sahihi ya mwenyekiti na katibu, na muhuri, inafanya kazi hiyohiyo. Muhuri bado una heshima yake nchi hii.

Ombi la pili, ndipo liwe la kundi. Hapa nikupe siri ya upande wa pili wa meza, maana niliwahi kukaa huko. Mwandaaji analipa ukumbi na chakula kwa kichwa. Chai mbili, chakula cha mchana, maji, beji na mfuko, vyote hivyo ni fedha inayotoka kwa kila anayeingia, hata aliyeingia bure. Kwa hiyo kuna kiwango ambacho hatashuka chini yake hata umlilie. Lakini ana shida nyingine ambayo ninyi mnaitatua: wanunuzi waliolipa ada kubwa wamekuja kukutana na wazalishaji, na ukumbi ukijaa maofisa na wanafunzi, wanunuzi hawarudi mwaka unaofuata. Wakulima 12 wenye mashamba kamili ya parachichi ni kitu anachokitaka. Mwandikie mna ekari ngapi kwa pamoja, mnavuna miezi gani, mnauza Hass au mchanganyiko. Msimweleze kwamba ninyi ni wakulima wadogo wenye hali ngumu. Huruma haina fungu kwenye bajeti yake. Na muulize kama kuna bei ya wazalishaji au ya vyama vya wakulima, kwa sababu makongamano mengi yana madaraja ya ada ambayo hayaonekani kwenye ukurasa wa mbele.

Akikwambia hawezi kukata asilimia lakini atatoa nafasi moja ya bure kwa kila kumi zilizolipiwa, pokea, ila ujue umepokea nini. Neno "bure" hulewesha. Watu 11 wakilipia 10, hilo ni punguzo la asilimia 9 na kidogo. Kwenu mko 12, mnalipia 11, inashuka mpaka asilimia 8 na kidogo. Asilimia 10 ya kawaida ingekuwa bora. Lakini kwa waandaaji nafasi ya bure ni rahisi kutoa kuliko kupunguza bei, kwa sababu haigusi bei iliyotangazwa na wengine wakisikia hawana la kudai.

Jambo moja zaidi kabla ya barua. Kuna atakayesema kwenye kamati, "tulipie wale tisa tunaowajua kabla ya tarehe 30, watatu tuwalipie baadaye". Linaonekana la busara. Lakini ankara ya watu 9 haifiki kumi. Mtakuwa mmejitoa wenyewe kwenye kundi, na wale watatu watalipa 200,000 kila mmoja. Ombeni nafasi 12 kwenye ankara moja, majina yafuate. Mwandaaji anauza viti. Majina anayahitaji siku ya kuchapa beji.

Barua yenyewe iwe fupi kiasi hiki:

> YAH: MAOMBI YA NAFASI 12, BEI YA KUNDI NA PROFOMA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Chama chetu, chenye wakulima wa parachichi wilayani Rungwe, kinaomba nafasi 12 kwenye kongamano lenu. Tuna jumla ya ekari [idadi], aina ya Hass, na tunahitaji kukutana na wanunuzi.
>
> Tunaomba mtujibu kwa maandishi:
>
> 1. Je, mtatushikilia bei ya 170,000 hadi tarehe 8, endapo profoma itatolewa kabla ya tarehe 30? Kamati yetu inaidhinisha malipo tarehe 4. Barua ya kuthibitisha tumeiambatisha.
> 2. Juu ya bei hiyo, mnatoa punguzo gani kwa kundi la watu 12, au nafasi ngapi za bure?
> 3. Profoma moja kwa nafasi zote itolewe kwa jina na TIN vilivyoandikwa hapa chini, ikionyesha VAT peke yake na namba yenu ya usajili wa VAT, yaani VRN.
> 4. Majina 9 tumeyaambatisha. Matatu tutayaleta lini mwisho? Na jina likibadilika baada ya kulipa, kuna gharama?
> 5. Tukisitisha nafasi moja au mbili, fedha inarudi kiasi gani na mpaka tarehe ipi?

Hapo chini andika jina la chama kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi, sanduku la posta, TIN, na simu ya mtu mmoja tu atakayejibu. Ukiweka simu tatu, mwandaaji atapata majibu matatu.

Maswali mengine yote yanayokujia kichwani, hoteli, usafiri, chakula cha mwanachama asiyekula nyama, yaache kwa barua ya pili. Barua yenye maswali kumi na tano hujibiwa matatu, na kwa kawaida ni yale rahisi.

Tuseme wamekubali kushikilia bei na kutoa nafasi moja ya bure. Profoma ikija, isome ukiwa na kalamu. Inapaswa kuonyesha nafasi 12 kwa 170,000, sawa na 2,040,000. Mstari wa punguzo wa 170,000. Jumla ndogo 1,870,000. VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18, yaani 336,600. Na jumla kuu 2,206,600. Angalia VAT imepigwa baada ya punguzo. Nimeona profoma ambazo VAT imehesabiwa kwenye 2,040,000 kisha punguzo likatolewa mwishoni; hapo mngelipa 30,600 zaidi bila mtu kugundua. Ni kosa la kwenye kompyuta mara nyingi, si wizi, na ukiwaambia wanarekebisha siku hiyohiyo.

VAT hiyo ni ya kutazama kwa jicho lingine pia. Anayeweza kuidai irudi ni aliyesajiliwa VAT, na kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili ni milioni 200 kwa mwaka tangu 2023. Kama chama chenu hakijasajiliwa, 336,600 hiyo ni gharama yenu moja kwa moja, kwa hiyo kwenye kamati mpeleke 2,206,600, msipeleke 1,870,000 halafu mkarudi kuomba nyongeza. Kwa upande wa mwandaaji, asiye na VRN haruhusiwi kukutoza VAT. Ndiyo maana kwenye barua tumeiomba hiyo namba. Na kama profoma imekuja kwa dola, irudishe uombe ya shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Mhasibu wenu anaweza kuuliza kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Akiamua kuikata, inahesabiwa kwenye kiasi kisicho na VAT: asilimia 5 ya 1,870,000 ni 93,500, mnaipeleka TRA, na mwandaaji anapokea benki 2,113,100. Shida yake ni moja. Kama hamkumwambia mapema, ofisi yake ya hesabu itaona pungufu ya 93,500, na mfumo utaweka alama ya "haijakamilika" kwa kundi zima, si kwa mtu mmoja. Mwambieni kabla ya kulipa, na mtumieni cheti cha zuio mkishakipata.

Pungufu nyingine ndogo inayoleta kero ni makato ya benki. Mwambie karani kwamba gharama ya kutuma iko kwenu, isikatwe kwenye kiasi kinachofika. Kwenye maelezo ya muamala andika namba ya profoma, usiandike "ada ya kongamano". Wiki hiyo kila mtu anaandika "ada ya kongamano". Jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye profoma. Ikija barua pepe ya ghafla kwamba akaunti imebadilika, usijibu kwa barua pepe. Piga ile namba ya kwenye kipeperushi. Kama mwandaaji ni taasisi ya serikali, hamtapewa akaunti bali namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12. Hiyo ina tarehe ya kuisha, na nyingine zinakataa kiasi kisicholingana hata kwa shilingi mia, kwa hiyo muiombe ikiwa kamati imeshapitisha na fedha ipo.

Mkishalipa, karatasi bado. Profoma ni ya kuombea fedha kwenye kamati, haithibitishi kwamba mmelipa. Mnachohitaji kwenye jalada ni ankara ya kodi na risiti ya EFD yenye jina na TIN ya chama. TIN waipate kabla hawajachapa, kwa kuwa risiti ikishatoka kwenye mashine haifutwi kwa raba. Ikifika, ingiza namba yake ya uhakiki kwenye `verify.tra.go.tz` uone kiasi kinalingana. Dakika mbili, na unaweza kufanya ukiwa umesimama kwenye foleni ya gari Tukuyu stendi.

Majina matatu yaliyobaki yasiwe sababu ya kuchelewesha lolote kati ya haya. Ila mkiyapata, yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, siyo kama mnavyoitana kijijini. Asubuhi moja, nikiwa meza ya usajili ya kongamano, alifika mama mmoja kutoka kwetu huku, ametembea usiku kucha na basi, akasema jina lake. Halimo. Tukatafuta kwenye orodha yote, mstari kwa mstari, nyuma yake foleni inafika mlangoni. Beji yake ilikuwepo tangu jana yake, iko kwenye boksi, imeandikwa "Mama Tumaini", kama katibu wake alivyomzoea. Tuliipata saa nne kasoro, na mnunuzi aliyepangiwa kukutana naye saa tatu alikuwa ameshakaa na mtu mwingine.

Siku ya safari chapa nakala mbili za orodha ya majina 12 pamoja na risiti. Moja abaki nayo kiongozi wa msafara, ya pili apewe mtu atakayekaa basi lingine, kama mtagawanyika. Na ile nafasi ya bure, mwandaaji aiandike kwenye orodha kwa jina kamili kama wengine, ili mwenye hiyo beji asije akaambiwa chakula cha mchana hakimhusu.